Fimbo Kumi za Mume Wangu

Mlionitumia ujumbe wiki nzima kuniuliza kama kweli nilimfukuza mama mkwe wangu, jibu ni hapana. Sikumfukuza. Nilifanya jambo jingine, ambalo hata kulitaja naona haya, na leo nalitaja.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni msusi. Saluni yangu ipo chini ya jengo tunaloishi, na nyuma ya pazia la saluni nina kimeza ambapo nawatazamia watu karata. Si karata za kuchezea. Ni zile za picha, sabini na nane, alizonifundisha shangazi yangu, mkutubi mstaafu asiyecheka na uzembe.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Kazini wanamwita Winchi, kwa sababu hajawahi kukataa mzigo. Alilipokea jina hilo kwa kicheko, na mimi nikacheka naye. Mjinga mimi.

Nilipoishia, jirani yangu fundi cherehani alikuwa ameniambia amemwona Winchi mara mbili, mchana wa kazi, kwenye bustani ya manispaa. Kakaa kwenye benchi, mikono kaikunja, hafanyi kitu. Hakuwa na mwanamke. Hakuwa na simu mkononi. Kakaa tu.

Niwaambie ukweli, nilitamani awe na mwanamke. Mwanamke ningejua pa kumpatia.

Nyumbani alikuwa amegeuka mtu wa kuitikia. Sawa, mke wangu. Nimesikia, mke wangu. Alikuwa anasinzia kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Nikimgusa begani anashtuka kama nimemkamata na kosa, kisha ananiuliza nataka afanye nini. Kila nikimgusa, anauliza nataka afanye nini.

Mimi nikatafsiri nilivyotaka. Nikasema huyu kanichoka. Bustanini anapumzika, kwangu anakuja kulala. Na mimi nashinda nimesimama na vichwa vya watu, napanda ngazi saa saba kumsafisha na kumgeuza mama yake aliyelala kitandani mwaka wa pili, nakimbia shuleni kuwafuata wapwa zake wawili tunaowalea, narudi napika. Nani alikuwa na haki ya kukaa kwenye benchi?

Basi nikaamua kuziuliza karata.

Hapa msimame kidogo, maana maji yalimwagikia hapa.

Shangazi aliponifundisha aliniwekea sharti moja kubwa: usijitazamie mwenyewe jambo linalokuuma. Utaona unachotaka kuona. Ukizidiwa, nenda kwa mtu mwingine, ukae kiti cha mteja, ufunge mdomo.

Mimi nikajifanya mjanja kuliko sharti. Nikasema: nitakaa kiti changu, nichanganye karata na kuzipanga kama nampangia mteja. Kisha nitanyanyuka, nizunguke meza, nikae kiti cha mteja, nizisome kutoka huko. Kwa hiyo sijajitazamia. Nimetazamiwa.

Mnacheka. Chekeni, nina haki ya kuchekwa.

Mpangilio wa wapenzi, kama Shangazi alivyonipa, ni karata tano kwa umbo la msalaba. Kushoto kwa mtazamiaji anakaa mwenye swali. Kulia anakaa mwenzi wake. Katikati ni kile kilicho baina yao. Chini ni mzizi, yaani walikotoka. Juu ni wanakoelekea. Na karata ikiangukia kichwa chini, maana yake inabadilika.

Nikapanga. Nikanyanyuka. Nikakaa upande wa pili, nikashusha pumzi, nikaangalia.

Kushoto, mahali pangu: Fimbo Kumi, imesimama wima.

Nilitokwa na machozi, kweli tena. Naijua karata hiyo. Mtu kageuka mgongo, kainama, kazikumbatia fimbo kumi kifuani na uso kauzamisha humo humo. Mbele yake kuna nyumba, si mbali, lakini haioni, kwa sababu mzigo wenyewe umemziba macho. Na hakuna mtu mwingine kwenye picha. Hakuna anayempokea hata moja.

Fimbo ni moto, ni kazi, ni hamu ya kutenda. Moja inaanza kama tawi linalochipua mkononi, ari tupu. Zinaongezeka, mwenye nazo anapigana, anashinda, akifika tisa tayari ana bendeji kichwani, na bado anasema naweza. Kumi ni pale neno naweza linapomlalia. Nimewaeleza wateja haya mara nyingi sana, tena vizuri.

Mwezi uliotangulia nilikuwa nimemtazamia muuza viatu mmoja, akilia kwamba mumewe kawa baridi. Fimbo Kumi ikakaa mahali pa mwenzi. Nikamwambia dada, usisome ubaridi hapo. Mapenzi hayajaisha, nguvu za kuyaonyesha ndizo zimeisha. Karata hii haisemi mwache. Inasema kaa naye, mzitaje fimbo moja moja, kila moja muulizane ni ya nani, na ipi inaweza kuwekwa chini leo. Usimpe pole ya mdomo, mpokee mzigo. Yule dada alirudi na keki.

Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo kwa mume wa mtu.

Kulia, mahali pa Winchi, nikaona Vikombe Tisa, wima. Bwana mnene kakaa kwenye benchi, mikono kaikunja, nyuma yake vikombe vimepangwa juu ya kitambaa, uso umeridhika. Mikono kaikunja, jamani. Kwenye benchi. Nikapiga meza kwa kiganja.

Katikati, Sarafu Sita, wima: mtu mwenye mizani anawagawia waliopiga magoti. Nikasema mtoaji ni mimi. Chini, mahali pa mzizi, Mnara, kichwa chini. Nikasema hiyo ni mikosi ya zamani, ule moto uliounguza saluni yangu ya kwanza, imeshapita. Juu, mahali pa wanakoelekea, Fimbo Nne, kichwa chini: furaha ya nyumbani, itachelewa lakini itakuja.

Nilijiona nimepata hukumu yenye muhuri. Nikapiga picha kwa simu, nikamtumia Shangazi na maneno haya: ona mwanao ninavyoteseka.

Shangazi simu yake huifungua akijisikia. Hakujibu.

Jioni nikamwekea Winchi chakula, nikamsubiri ale vijiko vitatu, nikaanza. Sikupiga kelele. Nilisema kwa upole, na upole wangu ni mbaya kuliko kelele. Nikamwambia nimechoka kubeba nyumba peke yangu wakati wengine wanapunga upepo bustanini. Kuanzia kesho naweka chini vitu vitatu. Mama yake saa saba mchana atamgeuza na kumsafisha yeye. Wapwa zake atawafuata yeye shuleni. Na chakula cha jioni atapika yeye.

Nilingoja abishe. Nilikuwa na majibu ya mwezi mzima.

Aliweka kijiko chini taratibu. Aliangalia mikono yake, ile mikono yenye grisi isiyotoka kwenye kucha. Akasema, "Sawa, mke wangu."

Nikamuuliza kama hana la zaidi.

"Nilikuwa nakaa pale kwa sababu hakuna anayeniomba kitu," akasema. "Dakika ishirini tu. Sitakaa tena."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nimeshinda.

Siku nane zikapita. Alikuwa anatoka kazini mchana mbio, anapanda kwetu, anamgeuza mama upande wa ukuta, anamsafisha, anampaka mafuta mgongoni asipate vidonda, anashuka mbio. Nilikuwa namwona kupitia kioo cha saluni, natazama pembeni. Nikajiambia ni zamu yake. Siku ya sita alimwita mteja wangu kwa jina la mama yake. Siku ya saba nilimkuta amesimama jikoni, kisu mkononi, kitunguu nusu, kalala huku kasimama. Nikamtoa kisu mkononi, nikamwambia aangalie asijikate. Kitunguu nikamwachia.

Siku ya nane, saa sita kasorobo mchana, nina kichwa cha mteja nusu kimesukwa, Shangazi akapiga.

Hakunisalimu. Akaniuliza, "Mwanangu, hii picha uliipiga ukiwa umekaa wapi?"

Nikamwambia kiti cha mteja. Nikamweleza na ujanja wangu wote, nikitarajia anisifu.

Akaniambia nitazame picha. Rundo la karata zilizobaki liko wapi? Nikatazama. Lilikuwa upande wa juu, mbali, ng'ambo ya meza. Akasema mtazamiaji huweka rundo mbele yake. Kwa hiyo karata zilipangwa kutoka ng'ambo, na mimi nikazisoma kinyume.

"Geuza simu," akasema. "Igeuze juu chini. Sasa nisomee."

Niliigeuza. Mteja wangu aliniona nikishika kiti.

Kushoto kukawa kulia. Chini kukawa juu. Zilizosimama zikapinduka, zilizopinduka zikasimama. Ukizunguka meza, kila kitu kinazunguka, na mtu mwenye akili timamu angelijua hilo kabla hajakaa.

Mahali pangu palikuwa na Vikombe Tisa, kichwa chini. Aliyekunja mikono kwenye benchi ni mimi, na karata hiyo ikipinduka ni ya mtu aliyeridhika na nafsi yake hadi haoni wenzake. Katikati Sarafu Sita zimepinduka, mizani imeelemea upande mmoja: mmoja anatoa, mwingine anapokea na kulalamika. Mzizi ni Fimbo Nne, wima, siku tuliyooana, mashada na watu wakishangilia.

Mahali pa mume wangu palikuwa na Fimbo Kumi. Nayo ilikuwa kichwa chini.

Shangazi akanipitisha polepole, kama nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Fimbo Kumi ikisimama, mtu kachoka lakini bado anatembea, una muda wa kumpokea. Ikipinduka, fimbo zinaanguka. Ama kaziweka chini mwenyewe kwa hiari, ama ameanguka nazo. Karata peke yake haisemi ni lipi kati ya hayo. Unaangalia jirani zake.

"Angalia juu," akasema Shangazi. "Wanakoelekea."

Juu kulikuwa na Mnara, wima. Jengo refu limepigwa na radi, na watu wanaanguka kutoka humo.

Nikasema Shangazi, ni picha tu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba Mnara ni mshtuko, ni ukweli unaobomoa uongo, si lazima jengo.

"Nilikufundisha hivyo," akasema. "Na mumeo anafanya kazi wapi?"

Kisha akaniuliza kama nilimpokea fimbo hata moja. Nikamwambia nilimwongezea.

"Ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole mbele ya mteja, kwa sauti, kama mwendawazimu. Lifti za majengo manne. Simu ya dharura ya kampuni, ambayo kila mtu kaikataa ikabaki kwake. Zamu za mwenzake aliyeumia mgongo. Mashine za kufulia za majirani kila jioni. Mama yake usiku. Wapwa, vitabu vyao na homa zao. Uenyekiti wa kamati ya maji ya jengo letu, aliotwishwa siku aliyokosa kikao. Hizo saba alikuwa nazo.

Na tatu nilizompa mimi.

Shangazi akasema maneno mawili: nenda sasa. Nikampigia Winchi. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Nilimwacha mteja na nusu kichwa. Nilitoka na aproni, chanuo bado mkononi. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kwenye jengo la ofisi, ghorofa kumi na moja, mitaa minne kutoka kwangu. Nilikimbia. Mimi ambaye ngazi za nyumbani nazilalamikia, nilikimbia.

Mlinzi wa pale ananifahamu, huwa anamwita mume wangu shemeji kwa utani. Akaniambia shemeji yuko kazini, maji yameingia kwenye shimo la lifti, lile lililo chini kabisa, na yeye ameshuka humo. Nikamuuliza na nani. Akasema peke yake. Zamani walikuwa wanakuja wawili, mmoja anasimama mlangoni, lakini yule mwingine mgongo wake mbovu.

Kwenye mlango wa lifti, ghorofa ya chini, kulikuwa na kibao kimening'inia: MAFUNDI WANAFANYA KAZI. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikauliza mbona umefungwa na yeye yumo ndani. Mlinzi akasema kaufunga mwenyewe kwa ndani, watoto wa mwenye duka la pale chini wasije wakatumbukia, maana hakuna wa kuwazuia.

Nikapiga simu tena. Na safari hii niliisikia ikilia. Ililia chini ya miguu yangu, nyuma ya chuma.

Nikagonga mlango kwa chanuo. Nikamwita kwa jina lake, si la kazini.

"Mke wangu?" Sauti ilitoka chini, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Ni saa saba tayari?"

Nikamwambia bado, atoke, nimekuja kumchukua. Akasema alisinzia kidogo kwenye ngazi. Ameteleza. Mguu umeingia chini ya chuma, hautoki, na maji ni ya baridi. Alisema yote hayo taratibu, bila wasiwasi, na huo utaratibu ndio ulionitisha.

Miaka kumi na miwili ya ndoa na fundi lifti, kuna mambo nayajua bila kufundishwa. Kabla ya kuingia shimoni, unapanda kwanza chumba cha mashine, juu kabisa, unazima swichi kubwa, lifti isije ikakushukia kichwani, unaifunga kwa kufuli, na ufunguo unaingia mfukoni mwako. Halafu unashuka. Halafu ndani ya shimo, karibu na mlango, kuna kitufe chekundu cha kuisimamisha lifti, unakibonyeza kabla hujakanyaga ngazi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafokea wenzake kwa hayo. Mara ngapi amerudi nyumbani kakasirika kwa sababu mtu karuka hatua moja.

Nikamuuliza, "Umezima juu?"

Nikasikia maji yakichezacheza.

"Taa ya namba hapo juu ya mlango," akasema, "inawaka?"

Nikainua uso. Namba tisa, nyekundu, inawaka vizuri kabisa.

"Inawaka."

"Basi sikuzima." Alisema kama mtu anayekumbuka ameacha mwavuli mahali. "Ni kushuka kwa miguu ghorofa kumi na moja, kisha kuzipanda tena kuwasha, nusu saa nzima. Nilitaka nimalize, nifike kwa mama saa saba. Na kitufe nilidhani nimekibonyeza. Nakiona kutoka hapa. Sikukibonyeza. Sikifikii."

Nilimgeukia mlinzi. Hakungoja niseme, alishaanza kupanda ngazi kwenda kuzima, na ni mtu mzima, ana mwili. Nikamuuliza kwa sauti kama vibao vimewekwa kwenye ghorofa nyingine. Akajibu akihema, kutoka ghorofa ya kwanza, kwamba shemeji hakupata muda. Kaweka hiki kimoja.

Nikaingiza vidole kwenye ufa wa mlango, nikavuta. Huo mlango una ufunguo wake, naufahamu, wa pembe tatu, uko kwenye mkufu shingoni mwake, chini humo. Nikaingiza chanuo. Likakatika.

"Mke wangu," akasema. "Usiumie. Sikiliza. Mama alale upande wa mlango leo, jana alikuwa wa ukutani. Mafuta yako dirishani."

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia mama nitamgeuza mimi, leo na kesho na siku zote, wapwa nitawafuata mimi, wote, anipe zote. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya ofisi za watu, mdomo kwenye ufa.

"Sawa, mke wangu," akasema.

Huko juu, nyuma ya kuta, kitu kikafanya mlio mfupi, kama kengele ya mezani. Mtu amemaliza kazi zake, anashuka kwenda kula.

Nikainua macho. Namba ilikuwa nane.